Barua ya Meza Tatu: Namna ya Kuomba Nafasi ya Kuuzia kwa Komini



Juma lililopita, baada ya mkutano, wamama wanne walitukalisha pembeni na kutuuliza jambo moja: mutu anaandikaje barua kwa komini ili apate nafasi ya kuweka meza yake bila kufukuzwa kila siku? Tuliahidi kujibu hapa. Tutajibu kwa kuwasimulia ile barua tuliyoandika pamoja na dada yetu mmoja wa kundi, ambaye sisi wote tunamwita Mama Mapasa kwa sababu ya mapacha wake. Ametupatia ruhusa ya kusema yote, hata yale yaliyokwenda vibaya.

Mama Mapasa anauza mboga hapa Lubumbashi: lengalenga, matembele, sombe iliyotwangwa, na kitunguu kidogo. Kwa miaka miwili alikaa kwenye kona ya avenyu mbili, karibu na ukuta wa lupango la mzee mmoja. Siku moja asubuhi wakapita watu wa usafi wa mji na gari. Walibeba meza yake, mabeseni mawili na mboga ya siku nzima. Yeye alilia akisema, “Lakini mimi nalipa kila siku!” Akatoa tikiti ndogondogo za kila siku, zimefungwa na kipande cha kitambaa. Mkubwa wao akazitazama, akamwambia, “Mama, hizi zinaonyesha kwamba ulilipa. Hazionyeshi kwamba una nafasi hapa.”

Neno lile lilimuumiza, lakini lilikuwa kweli, na ndilo la kwanza tunalotaka mulishike. Karatasi ni za namna tatu, na wengi wetu tunazichanganya. Tikiti ya kila siku ni alama ya takse uliyolipa siku ile tu. Patanti ni karatasi ya mwaka inayokuruhusu kufanya biashara ndogo. Sheria ya biashara ndogo ya tarehe 8 Agosti 1990 ndiyo inayoidai, na inaweka biashara hiyo kwa Wakongomani wenyewe. Ya tatu ni ruhusa ya kukalia nafasi fulani ya watu wote. Mama mwenye patanti anaweza kufukuzwa kwenye kona kwa sababu patanti haisemi kona gani. Mama mwenye tikiti mia moja anaweza kufukuzwa vilevile. Kinacholinda meza ni karatasi ya tatu, na karatasi hiyo huanza na barua.

Mama Mapasa alikuwa amekwisha kuandika barua mara moja. Alitupatia nakala tukaisoma. Ilikuwa kurasa mbili. Ilisimulia ugonjwa wa bwana, deni la shule, njaa ya watoto, na mwisho ikasema: “Ninaomba munipatie nafasi yoyote ya kuuzia.” Hakupata jibu. Tulipomuuliza alimpa nani barua ile, akasema alimwachia kijana mmoja mlangoni mwa ofisi. Haikuwa na muhuri, haikuwa na namba. Hakuna mutu aliyeweza kuonyesha kwamba ilifika.

Tulizungumza naye polepole, kwa sababu taabu zake ni za kweli na hatukutaka aone kwamba tunazidharau. Lakini burgumestre hawezi kutoa “nafasi yoyote.” Barua ikifika mezani pake, kwa kawaida anaandika neno pembeni na kuituma kwa watu wa ekonomi au wa mazingira, wakaone mahali penyewe. Kama barua haisemi mahali, wale watu hawana pa kwenda. Basi inalala ndani ya faili.

Tukaamua kuanza upya. Kabla ya kushika kalamu, tulikwenda kuangalia kona ile sisi wenyewe, wamama watano, na mita ya fundi nguo.

Kwanza tuliuliza: njia hii ni ya nani? Avenyu ndogo za ndani ya kartiye, komini inaweza kuzisemea. Njia kubwa za mji si za komini peke yake. Kuna ofisi ya meya, na kuna OVD, ofisi ya taifa inayotengeneza barabara za miji na mifereji ya maji. Kama ungeomba pembeni ya njia kubwa, komini ingeweza kukuandikia “ndiyo” na wengine wakakuondoa kesho yake. Kona yetu ilikuwa ya avenyu mbili za kartiye, vizuri. Chefu wa avenyu alituhakikishia.

Pili tulitazama mfereji. Zamani meza ya Mama Mapasa ilisimama juu ya mbao zilizofunika mfereji. Pale ndipo kosa lilipokuwa. Mvua za Novemba zikianza, majani ya mboga na mifuko inaingia chini ya mbao, maji yanakosa njia, yanaingia kwenye nyumba za watu. Hakuna mutu wa mazingira atakayetia sahihi kwa meza iliyo juu ya mfereji. Lakini kati ya mfereji na ukuta kulikuwa na ardhi tupu. Tulipima: mita 2.80. Na urefu wa ukuta, kutoka kona mpaka mlango wa lupango, ulikuwa mita 9.

Tatu, na hapa ndipo moyo wetu uliposimama kidogo, tuliona kwamba Mama Mapasa hakuwa peke yake. Tangu meza yake ilipobebwa, mama mmoja wa nyanya na mwingine wa makala walikuwa wanakaa pale, chini, kwenye mifuko. Mama wa nyanya alituona na mita mkononi, akauliza, “Munapima kaburi langu?” Hakusema kwa utani.

Tulirudi nyumbani na tukabishana. Mmoja wetu alisema Mama Mapasa ndiye aliyetangulia pale, na kundi ni lake, basi tuandike jina lake tu. Mwingine akajibu kwamba karatasi hiyo ingekuwa gari la pili la kubeba meza, na safari hii sisi ndio tungekuwa madreva. Mama Mapasa alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, “Mimi najua kufukuzwa ni nini. Tuandike tatu.”

Kumbe hata sheria inakubali hivyo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kwenye kipengele cha 27, inasema kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na wenye mamlaka wanapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tena inasema hakuna mutu anayeweza kushtakiwa kwa sababu aliomba. Shikeni hesabu hiyo ya miezi mitatu, tutairudia.

Sasa vipimo. Kila meza iwe na urefu wa mita 1.20 na upana wa sentimita 70. Meza tatu ni mita 3.60. Tukaacha nusu mita kati ya meza na meza, mara mbili, jumla mita 4.60. Kwa upande wa upana: sentimita 60 za mama kukaa, mgongo ukutani, na sentimita 70 za meza, jumla mita 1.30. Ukiondoa hiyo kwa mita 2.80, wanaopita kwa miguu wanabaki na mita 1.50, na mfereji haujaguswa. Mtoto wa Mama Mapasa alichora yote kwenye karatasi ya daftari, kwa rula: ukuta, mlango, meza tatu, njia ya watu, mfereji, avenyu. Mchoro ule ulisaidia kuliko kurasa mbili za kwanza.

Ilibaki mzee mwenye lupango. Mwanzoni alisema tumlipe kila mwezi kwa kuwa ukuta ni wake. Tulimjibu kwa heshima: “Baba, ukuta ni wako kweli. Lakini ardhi ya nje ya ukuta ni njia ya watu wote, wewe huwezi kuikodisha na sisi hatuwezi kuinunua. Tunakuomba tu utie sahihi kwamba haukasiriki.” Tulimwahidi mlango wake utabaki wazi na nje patafagiliwa kila jioni. Akacheka, akatia sahihi. Sahihi ya jirani si lazima kila mahali, lakini inaondoa ile sababu ambayo ofisi hupenda kutoa: “majirani watalalamika.”

Hii hapa barua. Tuliipanga kwa Kiswahili ili wote watatu waielewe kabla ya kuweka sahihi, ndipo binti mmoja wa sekondari akaigeuza kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo luga ya maofisi. Usitie sahihi kwenye barua ambayo haujasomewa kwa luga yako.

“Lubumbashi, tarehe …

Kwa Bwana Burgumestre wa Komini ya …

Jambo: Ombi la ruhusa ya muda ya kuweka meza tatu za kuuzia kwenye kona ya Avenyu … na Avenyu …, Kartiye …

Bwana Burgumestre,

Sisi wamama watatu tunaotia sahihi hapa chini, wakaaji wa Kartiye …, tunakuomba ruhusa ya kuweka meza tatu za kuuzia mboga, nyanya na makala, pembeni ya ukuta wa lupango namba … kwenye kona iliyotajwa juu.

Kila meza ina urefu wa mita 1.20 na upana wa sentimita 70. Zote zitakaa kati ya ukuta na mfereji. Wapita njia watabaki na mita 1.50, na hakuna kitu kitakachowekwa juu ya mfereji, wala mbele ya mlango wa mtu, kama mchoro unavyoonyesha.

Tunaomba kuuza kila siku isipokuwa Siku ya Mungu, tangu saa tisa za mchana mpaka saa moja ya jioni. Meza zitaondolewa kila jioni. Hatutajenga, hatutasimika miti wala kuweka mabati. Tutatumia mwavuli tu. Tutakuwa na ndoo moja yenye kifuniko kwa ajili ya uchafu, na tutafagia kabla ya kuondoka.

Tuko tayari kulipa takse inayohusika, kwa kupewa risiti, na kupokea watu wako waje kuona mahali.

Tunashikamanisha: nakala za karte zetu za uchaguzi, nakala za patanti, mchoro wa mahali, na barua ya mwenye lupango.

Tunakushukuru, Bwana Burgumestre, kwa kutusikiliza.

Majina matatu, anwani, namba za simu, sahihi.

Nakala: kwa Chefu wa Kartiye …”

Ukurasa mmoja tu. Wamama wengine wataona kwamba hakuna neno juu ya watoto wala shule. Si kwamba ni haya kuyasema. Lakini anayesoma anatafuta majibu ya maswali manne: wapi, ukubwa gani, saa gani, na uchafu utakwenda wapi. Kama una shida ya pekee ambayo inagusa ombi, kwa mfano unatembea kwa fimbo na huwezi kufika soko kubwa, weka sentensi moja. Moja inatosha.

Muone pia lile neno “ya muda.” Tuliliweka kwa makusudi. Njia ya watu wote haigeuki kuwa mali ya mutu. Ruhusa yake inaweza kuondolewa siku njia ikihitajiwa. Ukiomba “kiwanja” au “nafasi yangu ya milele,” unaomba kitu ambacho yule burgumestre hana mkononi. Vilevile miti minne na bati inaonekana kama nyumba, na nyumba ni ruhusa nyingine kabisa.

Mama wa makala alikuwa na woga mwingine. Aliuliza kama bwana wake hapashwi kutia sahihi. Zamani Kodi ya Familia ya 1987 ilidai mke apate ruhusa ya bwana. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliigeuza: sasa inasema wanandoa wote wawili wasikilizane. Basi zungumza na bwana nyumbani, ni vema, lakini ruhusa yake haiwekwi kwenye faili kama ya mzazi kwa mtoto. Mutu wa ofisini akiidai, mwulize kwa upole anasoma sheria ya mwaka gani.

Siku ya kupeleka, tulifanya nakala mbili. Moja ni ya ofisi. Ya pili ni yetu, na hiyo ndiyo dhahabu. Sekretari anapashwa kuipiga muhuri wa kupokelewa, tarehe, na namba ya rejista: kile wanachoita akize. Yule wa kwanza alituambia, “Wacheni tu, tutawapigia simu.” Tukakaa kwenye benchi. Mama wa nyanya, ambaye ana ulimi, akasema, “Baba, hata kwa makala mutu anapewa chenji kabla ya kuondoka.” Wakacheka na muhuri ukapigwa. Tangu siku ile miezi mitatu ilianza kuhesabika, na tulipouliza habari hatukusema “barua ya wamama wa mboga,” tulisema namba.

Juma la tatu alikuja mutu wa mazingira pamoja na chefu wa kartiye. Alipima mwenyewe. Katika mchoro wetu tulianza kupanga meza kwenye kona kabisa. Akasema hapana, gari linalogeuka halioni mtoto anayetoka nyuma ya meza. Tuache mita 2 kwenye kona. Tungekuwa hatuna vipimo, pengine angekataa yote. Lakini ukuta ni mita 9: ukiacha 2 na kuweka meza za mita 4.60, zinabaki mita 2.40 mpaka mlango wa mzee. Alisahihisha kwa kalamu yake juu ya mchoro wetu.

Kabla ya kwenda, kijana aliyekuja naye alibaki nyuma, akanong’ona kwamba “karatasi inahitaji mafuta ili itembee haraka.” Mama Mapasa alitetemeka, maana alikuwa na faranga kidogo ndani ya kitambaa, na alitamani kumaliza. Lakini alijibu kama tulivyopatana: “Utuandikie jina la takse na kiasi chake, tutalipa ofisini na kuchukua risiti.” Kijana akaondoka. Tuliogopa majuma mawili kwamba tumeharibu kila kitu.

Jibu lilikuja juma la sita. Si lote tuliloomba. Ruhusa ni ya miezi sita, inaweza kuongezwa, na ya mboga na nyanya tu. Makala walikataa pale, kwa sababu ya vumbi lake karibu na chakula. Ukifikiri vizuri, walikuwa na haki. Mama wa makala aliumia. Tulikaa naye jioni ile ile, na sasa anauza vitunguu na chumvi kwenye meza ya tatu, baada ya kuandika barua fupi ya kubadili bidhaa, akitaja namba ya ile ya kwanza. Makala anauzia ndani ya lupango lake mwenyewe.

Nakala ya ruhusa imefungwa kwenye plastiki, iko chini ya meza kila siku. Ile ya kwanza iko nyumbani. Watu wa usafi walipita tena mwezi jana. Walisoma, wakatazama mfereji, wakatazama ndoo, wakaendelea na njia yao. Mama wa nyanya alitupigia simu akipiga vigelegele hadi tukaondoa simu sikioni.

Kwa wale wamama wanne waliotuuliza: anzeni na mita, si na kalamu. Andikeni tarehe ya muhuri kwenye kalenda ya nyumbani. Jibu likikosa, msisubiri siku ya mwisho. Baada ya miezi miwili pelekeni barua ya kukumbusha, mistari mitano tu, yenye namba ya kwanza, nayo ipigwe muhuri. Na ruhusa ya miezi sita ikifika mwezi wa tano, ombeni iongezwe kabla haijakufa. Ya Mama Mapasa na wenzake inafikia hapo juma lijalo. Tutaketi kwake Siku ya Posho, saa nane za mchana, kuandika barua ya kuongeza. Anayetaka kujifunza aje na kalamu yake, na mita kama anayo.